Nani Hubaki Duarani?

Mwaka 67 jeshi la Warumi chini ya Vespasiano liliuteka mji wa Yodfat, Galilaya, baada ya kuuzingira kwa siku 47. Kamanda wa Wayahudi waliokuwa wakiulinda alijificha pangoni pamoja na watu wengine 40. Warumi walipomgundua walimwahidi usalama iwapo angejisalimisha, lakini wenzake hawakutaka kusikia habari hiyo. Kwao kufa kulikuwa bora kuliko kutekwa. Wakakubaliana kupiga kura, kila mmoja auawe na mwenzake kwa zamu, hadi wote waishe. Mwisho wa yote walibaki wawili tu: yule kamanda na mtu mmoja, ambaye alimshawishi watoke wote wawili wakiwa hai. Kamanda huyo ndiye aliyekuja kujulikana kama Flavio Yosefo, mwanahistoria, na kisa hiki tunakijua kwa sababu alikisimulia mwenyewe katika kitabu chake kuhusu vita vya Wayahudi na Warumi. Alisema huenda ilikuwa bahati, au huenda ulikuwa mpango wa Mungu.

Kitabu chake kinataja kura peke yake. Duara na kuhesabu ni nyongeza ya watu waliokuja baadaye, waliojiuliza kama mtu mwenye akili ya hesabu angeweza kujua mapema pa kusimama. Katika simulizi lao watu 41 wanasimama mviringo, kila wa tatu anauawa, na Yosefo anachagua nafasi yake kwa makusudi. Mfaransa Claude-Gaspard Bachet de Méziriac alilijadili fumbo la aina hii katika mkusanyo wake wa mafumbo ya hesabu mwaka 1612, na leo linajulikana kwa jina la Yosefo.

Hapa nitashughulika na sura yake iliyo rahisi kuieleza na, kwa maoni yangu, yenye uzuri kuliko zote: badala ya kila wa tatu, anatoka kila wa pili. Ndiyo sura ambayo Ronald Graham, Donald Knuth na Oren Patashnik waliiweka katika sura ya kwanza ya kitabu chao maarufu cha hisabati kwa wanasayansi wa kompyuta, kilichotoka mwaka 1989. Tuache kuua, watu wanatoka tu kwenye duara na kukaa pembeni.

Sheria ni hii. Watu wamesimama duara, wamepewa namba kuanzia 1. Tunaanza kwa namba 1: yeye anabaki, wa 2 anatoka. Wa 3 anabaki, wa 4 anatoka. Tunazunguka hivyo hivyo bila kusimama, na waliotoka hawahesabiwi tena, mpaka abaki mmoja. Ni nani?

Chukua kalamu uwaandike watu 10. Mzunguko wa kwanza unawaondoa 2, 4, 6, 8 na 10. Wamebaki 1, 3, 5, 7 na 9, na zamu imerudi kwa 1. Huyo anarukwa, 3 anatoka. 5 anarukwa, 7 anatoka. 9 anarukwa, na anayefuata ni 1, basi safari hii 1 anatoka. Wamebaki 5 na 9. Zamu iko kwa 5, naye anarukwa, 9 anatoka. Aliyebaki ni namba 5.

Kwa watu 10 kalamu inatosha. Kwa 41 unaweza kupotea njiani, maana duara limejaa mapengo na lazima ukumbuke nani yupo na nani hayupo. Ugumu wote wa kuigiza mchezo huu uko kwenye mapengo hayo, na kuna njia ya kuyaondoa kabisa: kulikunjua duara liwe foleni.

Fikiria foleni ya dirisha moja la benki. Aliye mbele anaambiwa, "Rudi nyuma kabisa." Anayefuata anaambiwa, "Wewe nenda nyumbani." Kisha tunarudia maneno yale yale mawili kwa wawili wanaofuata. Mtu aliyerudi nyuma ni sawa na mtu aliyerukwa kwenye duara: zamu yake itafika tena baada ya wengine wote kupitiwa. Aliyeenda nyumbani hayumo tena kwenye foleni, kwa hiyo hakuna pengo la kukumbuka. Foleni daima ina walio hai kwenye mchezo tu, kwa mpangilio sahihi, na mwenye zamu daima yuko mbele.

Tuwaangalie watu 5. Foleni inaanza 1, 2, 3, 4, 5. Wa 1 anarudi nyuma na 2 anatoka, inabaki 3, 4, 5, 1. Wa 3 anarudi nyuma na 4 anatoka, inabaki 5, 1, 3. Wa 5 anarudi nyuma na 1 anatoka, inabaki 3, 5. Wa 3 anarudi nyuma, 5 anatoka. Amebaki 3.

Kwa lugha ya Python kazi hiyo yote inaandikwa hivi:

```python
from collections import deque

def foleni(n):
    q = deque(range(1, n + 1))
    while len(q) > 1:
        q.append(q.popleft())
        q.popleft()
    return q[0]
```

Ndani ya kitanzi kuna mistari miwili, nayo ni yale maneno mawili ya dirishani. Wa kwanza unamchukua aliye mbele na kumweka nyuma. Wa pili unamtoa aliyefuata.

Zipo njia tatu za kukosea hapa ambazo huwanasa hata watu waliozoea kuandika programu. Ya kwanza ni kutumia orodha ya kawaida mahali pa `deque`. Jibu litakuwa sahihi, lakini kila unapomtoa wa mbele, orodha ya kawaida huwasogeza wote waliobaki nafasi moja. Kwa watu 100,000 hiyo ni misogeo karibu bilioni 10, wakati `deque` inamtoa wa mbele bila kumgusa mwingine yeyote. Dalili yake ni programu iliyojibu papo hapo kwa watu mia kisha ikaanza kuburuta miguu idadi inapokua.

Ya pili ni kuacha foleni na kutembea na namba ya nafasi kwenye orodha, ukiongeza 2 kabla ya kila kumtoa mtu. Inaonekana sawa, maana si tunahesabu kwa mbili? Tatizo ni kwamba mtu akitolewa, waliokuwa nyuma yake wanasogea mbele nafasi moja, kwa hiyo umekwisha kusogezwa hatua moja bila kujua. Ukianzia nafasi 0 na kuongeza 2, unakuwa unamtoa kila wa tatu. Kwa watu 41 programu hiyo itakujibu 31, na jibu la kila wa pili, kama tutakavyoona, si hilo.

Ya tatu ni mwanzo. Kompyuta hupenda kuhesabu kuanzia 0, na mtu mwenye haraka anaweza pia kumtoa wa kwanza badala ya kumruka. Yote mawili hujidhihirisha kwa jibu ambalo ni namba shufwa. Katika mchezo wetu wenye namba shufwa wote hutoka katika mzunguko wa kwanza, kwa hiyo jibu la shufwa haliwezekani. Kujua ni kosa lipi kati ya hayo mawili, usijaribu kwa watu 5, kwa sababu makosa yote mawili hujibu 2. Jaribu kwa watu 8. Aliyehesabu kuanzia sifuri atapata 0, aliyemtoa wa kwanza atapata 8, na aliyefanya sawasawa atapata 1.

Foleni, basi, inajibu. Lakini haisemi kwa nini. Ili kuona kama kuna sababu iliyojificha, tuiulize kwa kila idadi kuanzia mtu 1 hadi watu 16 na tupange majibu yake kwa mfululizo:

```
n:  1  2  3  4  5  6  7  8  9 10 11 12 13 14 15 16
J:  1  1  3  1  3  5  7  1  3  5  7  9 11 13 15  1
```

Herufi n ni idadi ya watu na J ni namba ya anayebaki. Majibu yanapanda kwa mbili mbili, kisha ghafla yanaanguka hadi 1 na kuanza kupanda tena. Yanaanguka kwenye 2, 4, 8 na 16, yaani kila idadi inapofikia mara mbili ya pale ilipoanguka mwanzo. Hilo si jambo la kubahatisha, na sababu yake inaonekana ukiitazama foleni kwa mzunguko mmoja tu badala ya kuifuata hadi mwisho.

Tuanze na idadi shufwa. Watu ni 10. Baada ya mzunguko mmoja wenye namba shufwa wametoka wote, na zamu imerudi kwa namba 1 kama mwanzo. Tulichonacho mbele yetu ni mchezo ule ule, ila wenye watu 5. Tofauti ni majina tu: wa kwanza bado ni 1, wa pili sasa ni aliyekuwa 3, wa tatu ni aliyekuwa 5, wa nne ni aliyekuwa 7, wa tano ni aliyekuwa 9. Ukichukua nafasi mpya, ukaizidisha kwa 2 na kutoa 1, unapata namba ya zamani. Na tulikwisha kuona kuwa kwa watu 5 anayebaki ni wa 3. Basi kwa watu 10 anayebaki ni yule aliyeko nafasi mpya ya 3, yaani 2 mara 3 kutoa 1, ambaye ni namba 5. Ndilo jibu tulilolipata kwa kalamu.

Idadi witiri ina mchepuko mdogo ambao unastahili kutazamwa polepole, maana ndipo wengi hukwama. Watu wakiwa 7, wanatoka 2, 4 na 6. Kisha 7 anarukwa, na anayefuata ni 1, kwa hiyo 1 anatoka. Tukimjumlisha huyo kwenye mzunguko wa kwanza, wanabaki 3, 5 na 7, na zamu iko kwa 3. Tena ni mchezo ule ule, wenye watu 3, ila safari hii nafasi mpya ya kwanza ni ya aliyekuwa 3, ya pili ni ya aliyekuwa 5, ya tatu ni ya aliyekuwa 7. Unazidisha nafasi mpya kwa 2 na kujumlisha 1. Kwa watu 3 anayebaki ni wa 3, basi kwa watu 7 ni 2 mara 3 kujumlisha 1, yaani 7. Jedwali linakubali.

Hayo mawili ndiyo kanuni yote:

```
J(1) = 1
J(2n) = 2*J(n) - 1
J(2n+1) = 2*J(n) + 1
```

Wanahisabati wana kanuni nyingi za namna hii, zinazojibu swali kubwa kwa kurejea swali lile lile likiwa dogo, mpaka lifike udogo ambao jibu lake halihitaji kufikiriwa. Hapa udogo huo ni mtu mmoja: akiwa peke yake, ndiye anayebaki. Bila mstari huo wa kwanza kanuni ingerejea nyuma bila kikomo, na ukiusahau kwenye programu, kompyuta itakulalamikia kwa kosa la kujiita kupita kiasi.

Tuirudie idadi ya pangoni, watu 41, kwa kila wa pili. Tunaigawa kwa mbili na kuacha masalio, tukishuka: 41, 20, 10, 5, 2, 1. Kisha tunapanda na majibu. Kwa mtu 1 jibu ni 1. Kwa 2, ambayo ni shufwa, 2 mara 1 kutoa 1 ni 1. Kwa 5, ambayo ni witiri, 2 mara 1 kujumlisha 1 ni 3. Kwa 10 ni 5. Kwa 20 ni 9. Kwa 41 ni 2 mara 9 kujumlisha 1, yaani 19. Hatua tano za kupanda, na kazi imekwisha. Foleni ingelazimika kuwatoa watu 40, mmoja mmoja.

Tofauti hiyo inazidi kuwa kubwa idadi ikikua. Kwa watu milioni moja foleni inafanya misogeo karibu milioni mbili, na lazima kompyuta iwashike wote milioni kwenye kumbukumbu yake. Kanuni inagawa kwa mbili mara 19 tu, na karatasi moja inatosha. Jibu ni 951,425. Kwa watu bilioni moja foleni inaweza kuijaza kumbukumbu ya kompyuta ya kawaida kabla hata mtu wa kwanza hajatoka, lakini kanuni inahitaji migawanyo 29.

Hata hivyo singemshauri mtu aitupe foleni akishaipata kanuni. Kanuni imefikiriwa, na kufikiri kunaweza kukosea alama moja ya kujumlisha au kutoa bila mtu kuona. Foleni haikufikiriwa, imefuata tu sheria za mchezo kama zilivyosemwa. Kwa hiyo ziendeshe zote mbili kwa kila idadi kutoka 1 hadi 1,000 na uzilinganishe. Mtu aliyebadilisha alama za shufwa na witiri atagundua mapema sana: kwa watu 2 kanuni yake itasema anabaki namba 3, ambaye hayupo.

Sasa turudi kwenye zile namba ambazo jibu linaangukia 1: 2, 4, 8, 16, na zinazofuata, 32, 64, 128. Idadi ikiwa mojawapo ya hizo, kila mzunguko unaigawa nusu kwa nusu bila masalio, zamu inarudi kwa yule yule wa kwanza kila mara, naye hatolewi kamwe. Kwa maneno mengine, wakati wowote waliobaki wakifikia idadi ya namna hiyo, yule mwenye zamu muda huo ndiye atakayebaki mwisho. Hilo linatupa njia ya tatu, ambayo haihitaji hata kushuka na kupanda. Kutoka 41, idadi ya karibu ya chini ni 32. Ili wabaki 32 lazima watoke 9. Hao 9 wa kwanza ni 2, 4, 6, mpaka 18. Akitoka 18, zamu iko kwa 19, na waliobaki ni 32. Basi ni 19. Ondoa kipeo kikubwa cha 2 kilichomo kwenye idadi, zidisha masalio kwa 2, jumlisha 1.

Kompyuta huandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kwa maandishi hayo kanuni yetu inakuwa fupi kiasi cha kushangaza. Namba 41 huandikwa 101001. Chukua tarakimu ya kwanza kushoto, ambayo daima ni 1, uihamishie mwisho kulia. Unapata 010011, ambayo ni 19. Ile 1 ya kushoto ndiyo kipeo cha 2 kinachoondolewa. Kusogea kwa tarakimu zilizobaki kuelekea kushoto ndiko kuzidisha kwa 2. Na ile 1 iliyotua kulia ndiyo ya kujumlisha.

Kuna jambo ambalo foleni hulitoa bure na kanuni haikulitaja: mpangilio wa kutoka. Foleni ya watu 10 inaonyesha kwamba walitoka 2, 4, 6, 8, 10, 3, 7, 1, 9. Kanuni ilisema 5 tu. Lakini fikra ile ile ya mzunguko mmoja inatosha kuulizia mtu yeyote kwenye mpangilio huo. Nani anakuwa wa 7 kutoka? Mzunguko wa kwanza unawatoa watu 5, kwa hiyo yeye ni wa 2 kutoka kwenye mchezo wa watu 5 uliobaki. Katika mchezo huo wa pili kutoka ni aliye nafasi ya 4. Badili nafasi kuwa namba ya zamani: 2 mara 4 kutoa 1, yaani 7. Angalia kwenye mpangilio. Wa saba ni 7 kweli.

Kinachogoma ni kubadili mwendo wenyewe. Ukirudi kwenye kila wa tatu, kama simulizi la Yosefo linavyotaka, mzunguko mmoja hauachi tena nusu ya watu waliopangika kwa hatua sawa. Unaacha jozi zenye pengo kati yake, na hakuna kuzidisha na kujumlisha kumoja kunakowarudishia wote majina yao ya zamani. Foleni haijali: warudishe wawili nyuma badala ya mmoja, kisha mtoe wa tatu. Kanuni inabidi ijengwe upya kwa kurejea mtu mmoja nyuma kila mara. Akishatoka wa kwanza, ambaye ni namba 3, zamu inaanzia nafasi tatu mbele ya ilipoanzia mwanzo, kwa hiyo jibu la watu n ni jibu la watu n − 1 likisogezwa nafasi tatu, na likipita n unatoa n. Ni hatua nyingi kama watu walivyo wengi, bila ule ufupi wa kugawa nusu. Kwa watu 41 kanuni hii inapanda hatua 40 na kufika 31, na mtu anayebaki pamoja naye mpaka kutoka kwa mwisho ni namba 16.